Kupata eneo la hilali bila pai kwenye jibu

Jumamosi mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja kwangu Umoja na daftari lililofutwafutwa mpaka karatasi ikatoboka. Swali lilimtaka aonyeshe kwamba hilali iliyotiwa kivuli ina eneo sawa na pembetatu iliyo chini yake. "Mjomba, hii imekataa. Pembetatu ni 50, hilali inatoka 48.43." Nikacheka, kwa sababu nilipokuwa wa umri wake mimi nilipata 50.64 na nikakesha nikibishana na kitabu. Hizi hapa hatua tulizofuata mezani.

Hatua ya 1: Chora robo ya duara

Weka nukta O. Kutoka O chora mistari miwili ya sentimita 10 inayokutana kwa pembe ya nyuzi 90, halafu uite ncha zake A na B. Weka sindano ya bikari kwenye O, chora tao kutoka A hadi B, kisha unganisha A na B kwa rula. Pembetatu yako ni OAB, na eneo lake ni nusu ya 10 × 10, yaani 50.

Tumia bikari ya chuma yenye skrubu. Zile za plastiki hulegea katikati ya tao, na hapa tao likihama hata milimita mbili, ncha za hilali hazikutani.

Hatua ya 2: Chora tao la nje

Hapa ndipo wengi hupotea. Tao la nje halina kitovu kimoja na lile la ndani. Ukirudisha sindano kwenye O na kupanua bikari, utapata ukanda wenye upana uleule kote, kama kipande cha tairi, na ukanda huo hauna ncha. Kitovu kipya ni M, katikati ya mstari AB. Weka sindano kwenye M, fungua bikari mpaka A, kisha zungusha upande wa nje, mbali na O, mpaka ufike B. Umepata nusu duara ambayo kipenyo chake ni AB.

Kuna njia mbili za kujua kama umekosea, na mimi huzitumia zote kabla ya kugusa hesabu. Kwanza, usiiondoe bikari pale M. Endelea kuzungusha upande wa pili. Mstari lazima upite juu ya O kabisa, kwa sababu O iko mbali na M sawasawa na A na B. Ukipita kando, M yako haiko katikati au pembe yako si nyuzi 90. Pili, pima unene wa hilali katikati, kwenye mstari unaotoka O kupitia M. Tao la ndani liko sentimita 10 kutoka O na la nje 14.14, kwa hiyo rula isome kama sentimita 4.1. Mpwa wangu alikuwa na 3.6. Alikuwa ameikadiria M kwa jicho.

(Mwezi wenyewe angani si umbo hili. Ukingo wake wa ndani ni nusu ya duara lililobanwa, si tao la duara, kwa hiyo usiende kuupima huo kwa kanuni hii.)

Hatua ya 3: Linganisha nusu duara na robo duara

Hii ndiyo hatua iliyonilaza macho, na ndiyo iliyompa binti 48.43.

Kwa kanuni ya Pithagorasi, AB mara AB ni 100 + 100, yaani 200. Watu wengi hukimbilia kikokotoo hapo, wanapata AB ni 14.142, wanagawa kwa mbili, wanapata 7.071, halafu wanaandika 7 kwa kuwa 7 inapatana vizuri na 22/7. Nusu duara inakuwa 77 kamili. Inapendeza macho, na ni makosa. Mimi niliandika 7.1 nikapata 79.22, na hilali yangu ikanenepa.

Usitafute kipeuo cha 200 kabisa. Eneo la duara halihitaji nusu kipenyo, linahitaji nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe. Ukigawa AB kwa mbili, mraba wake unagawanyika kwa nne: 200 ÷ 4 = 50. Sasa andika, na uiache pai kama herufi:

```
nusu duara (kitovu M) = 1/2 × π × 50  = 25π
robo duara (kitovu O) = 1/4 × π × 100 = 25π
```

Ni sawa kabisa, bila makadirio yoyote. Nusu ya duara dogo inalingana na robo ya duara kubwa, kwa kuwa eneo la duara kubwa ni mara mbili ya lile dogo. Siri yote iko hapo. Ukiandika 78.5 badala ya 25π, usawa huo hutauona, utaona namba mbili zinazofanana tu.

Hatua ya 4: Ondoa upinde

Tazama kati ya mstari AB na tao la ndani. Kuna umbo kama upinde wa mwindaji, AB ikiwa uzi wake. Upinde huo umo ndani ya robo duara na umo pia ndani ya nusu duara.

```
robo duara − upinde = pembetatu
nusu duara − upinde = hilali
```

Umeanza na maeneo mawili yaliyo sawa, ukatoa kitu kilekile kwenye kila moja. Hilali ni 50. Eneo la upinde lenyewe huhitaji kulijua.

Mpwa wangu alitaka ushahidi wa mikono, akajaza maumbo yote mawili kwa ndengu na kuzihesabu. Hilali ilipungukiwa kila mara. Si hesabu iliyokosea: ncha zake ni nyembamba kuliko punje, kwa hiyo pale ndengu haikai.

Kama pembetatu haina pande mbili sawa

Aliyegundua hilali hii ni Hipokrate wa Kio, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na siye yule tabibu wa Kosi. Ila kanuni ya hilali moja inadai O iwe nyuzi 90 na OA ilingane na OB. Ukichukua pembetatu ya 6, 8 na 10, mambo yanabadilika: chora nusu duara upande wa nje kwenye 6 na kwenye 8, na nyingine juu ya 10 ikipita kwenye pembe ya nyuzi 90. Zile ndogo mbili ni 4.5π na 8π, jumla 12.5π, na ile kubwa pia ni 12.5π. Ondoa pinde mbili zilizomo pande zote: hilali mbili kwa pamoja ni 24, sawa na pembetatu. Usidai hivyo kwa kila moja peke yake, wala usitarajie nusu kwa nusu. Ndogo ni kama 10.05 na kubwa kama 13.95, na hapo kikokotoo ndipo kinapohitajika.