Duka limeungua na daftari hukuwa nalo: namna ya kuthibitisha thamani ya mzigo

Somo hili ni kwa mwenye duka dogo aliyekata bima ya moto, pengine kwa sababu benki ilimlazimisha alipochukua mkopo, na sasa mkadiria hasara yuko mlangoni anauliza: "Mzigo ulikuwa wa shilingi ngapi, na unaonyeshaje?" Nimekaa na watu wengi kwenye meza hiyo. Wanaoanguka mara nyingi si waongo. Wanataja jumla moja kubwa kutoka kichwani, halafu wakiulizwa imetoka wapi wanakosa jibu.

Nitatumia mfano wa mama mmoja wa Morogoro anayeuza khanga, vitenge na mashuka. Nimezisawazisha tarakimu ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Duka lake liliungua usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba. Hakuwa na kitabu cha mauzo, na risiti alizokuwa akizichomeka kwenye msumari ziliungua na duka.

Hatua ya kwanza: usifagie

Ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na ya polisi unazifuata mara moja, na kampuni ya bima unaijulisha siku hiyohiyo kwa maandishi. Hayo wengi wanayajua. Wanachokosea ni kusafisha. Majirani wanakuja na koleo kwa nia njema, na hadi jioni ushahidi wote uko jalalani.

Majivu yanahesabika. Nguo iliyokunjwa na kubanwa kwenye rafu haiungui yote, kwa kuwa hewa haipenyi katikati ya bunda. Kingo zinakuwa mkaa na moyo unabaki. Mama huyu alidhani hakubaki na kitu. Tulipofungua bunda moja lililoonekana kama gogo jeusi, tulikuta mikunjo ya khanga inayotenganishika, na rangi ya pindo bado inaonekana. Tulihesabu bunda kwa bunda, tukapiga picha kila rafu kabla na baada ya kugusa, na simu ya kwanza ya mkadiria ilipokuja tukamwomba aje ashuhudie. Kama serikali ya mtaa inakuamuru usafishe kwa usalama, omba kibali cha bima kwa maandishi na uwe na shahidi.

Hesabu ya majivu haikupi jumla kamili. Kazi yake ni kuizuia hesabu ya karatasi isiende mbali na ukweli.

Hatua ya pili: tafuta siku moja ambayo mzigo ulijulikana

Huwezi kukumbuka kila kitu kilichokuwemo usiku wa moto. Tafuta siku ya nyuma ambayo mtu mwingine aliuona mzigo wako na kuuandika. Mara nyingi ni ofisa mikopo aliyekuja dukani. Fomu yake iko kwenye faili la benki, na una haki ya kuomba nakala.

Fomu ya mama yetu ilisema tarehe 1 Machi mzigo ulikuwa wa shilingi 22,500,000. Hapa ndipo pa kuwa makini. Tulimuuliza ofisa alizipataje, akasema alikuwa akiuliza "hii unauzaje?" Kwa hiyo ile ilikuwa bei ya kuuzia. Bima inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya moto, kwa hiyo mzigo unapimwa kwa bei uliyonunulia pamoja na usafiri. Faida ambayo hujaipata haimo.

Basi tukatafuta uwiano. Tulichukua bidhaa anazouza sana, tukalinganisha bei ya muuzaji wa jumla, pamoja na usafiri, na bei anayoitaja kwenye picha zake za WhatsApp. Kwa wastani, kitu alichonunua 10,000 alikiuza 12,500. Maana yake, katika kila shilingi 100 ya mauzo, 80 ni gharama ya kununua. Milioni 22.5 mara 0.80 ni 18,000,000. Huo ndio mwanzo wetu.

Hatua ya tatu: manunuzi tangu siku ile

Risiti zako zimeungua, lakini kila ununuzi una upande wa pili. Muuzaji wa jumla wa Kariakoo ana nakala, na kama alitoa risiti ya EFD kumbukumbu zake zilikwenda TRA. Ukiwa na picha ya risiti kwenye simu, namba yake ya uhakiki inakaguliwa kwenye verify.tra.go.tz. Taarifa ya M-Pesa, Airtel Money au benki inaonyesha malipo. Ofisi ya basi au lori iliyobeba mizigo yako ina vishina vya stakabadhi za vifurushi. Hivi vya mwisho watu huvisahau, na ndivyo vinavyothibitisha kwamba mzigo ulifika Morogoro, haukuishia kulipiwa tu.

Panga kila ununuzi kwa tarehe, mbele yake andika uthibitisho wake. Usio na uthibitisho uandike pia, kwenye orodha ya pembeni, useme wazi kwamba ni kumbukumbu tu. Mama alifikisha 31,400,000 zenye karatasi, kuanzia Machi hadi Agosti.

Hatua ya nne: mauzo, kwa kufuata fedha zilikokwenda

Wateja wake wengi walilipa taslimu, na hakuna karatasi. Lakini pesa ya dukani haipotei. Imekwenda kununua mzigo, kulipa pango, kurejesha mkopo, na kula nyumbani. Basi tunaihesabu kwa kufuata ilikokwenda.

Katika ule mzigo wa milioni 31.4, milioni 5 zilitoka kwenye mkopo mpya, kwa hiyo milioni 26.4 zilitoka kwenye mauzo. Pango la miezi 6 kwa 300,000 ni milioni 1.8. Marejesho ya mkopo yalikuwa milioni 3. Matumizi ya nyumbani na ya duka, 800,000 kwa mwezi, ni milioni 4.8. Jumla ni 36,000,000, na hayo ndiyo mauzo yake ya miezi 6. Hakuwa na akiba iliyoongezeka. Kama ungekuwa nayo, iongeze hapo.

Hapa mkadiria atabana sana, na ana haki. Ukipunguza matumizi ya nyumbani, mauzo yanashuka na mzigo uliobaki unaonekana mkubwa. Kwa hiyo nenda na risiti za ada, umeme, na miamala ya kutuma pesa kwa wazazi.

Hatua ya tano: hesabu yenyewe

Mzigo wa mwanzo, ongeza manunuzi, toa gharama ya vilivyouzwa.

Gharama ya vilivyouzwa ni milioni 36 mara 0.80, yaani 28,800,000. Kwa hiyo 18,000,000 + 31,400,000 − 28,800,000 = 20,600,000. Huo ndio mzigo uliokuwemo usiku wa moto. Nguo zilizookolewa zilifaa kuuzwa kwa 1,200,000, hivyo hasara ni 19,400,000.

Kosa ninalolikuta karibu kila wiki ni hili: mtu anasema "faida yangu ni asilimia 25", halafu anatoa 25 kwenye mauzo. Elfu mbili na mia tano juu ya 10,000 ni asilimia 25 ya bei ya kununulia, lakini ni asilimia 20 tu ya bei ya kuuzia. Angekosea hivyo, mzigo ungetokea 22,400,000, yaani milioni 1.8 zisizokuwepo. Mkadiria huliona mara moja, na kuanzia hapo anatilia shaka hata tarakimu zako za kweli.

Mwisho tulilinganisha na hesabu ya majivu na picha za rafu. Tofauti ilikuwa ndogo, tukaiandika na sababu yake: mzigo uliokuwa karibu na mlango uliungua kabisa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbeya: Shikamoo mwalimu. Bima ya huyo mama ilikuwa ya shilingi ngapi, na alilipwa zote milioni 19.4?*

Marahaba. Alikata bima ya milioni 15 tu, kiasi cha mkopo kilivyotaka. Bima nyingi za moto zina kanuni ya uwiano: ukikatia bima sehemu tu ya mzigo, unalipwa sehemu ileile ya hasara. Kwa hiyo ni 19,400,000 mara 15, gawanya kwa 20.6, yaani kama 14,126,000, kabla ya kutoa kile kiasi cha kujibebea mwenyewe. Duka lingeungua nusu, hasara ikawa milioni 10.3, angepata 7.5 tu, ingawa bima yake ni ya 15. Ndiyo maana kukuza thamani ya mzigo kunaweza kukuumiza mwenyewe.

*Mwanachama wa Kariakoo: Nusu ya mzigo wangu ni mali kauli, sijailipa. Naihesabu?*

Angalia makubaliano. Kama umenunua kwa mkopo, mali ni yako na deni ni lako, ihesabu kwenye manunuzi kwa nakala za muuzaji. Kama unamuuzia mwenzako na isipouzika unamrudishia, hiyo ni mali yake. Bima yako inaigusa pale tu mkataba unapotaja mali za wengine ulizokabidhiwa. Vyovyote vile usiifiche, kwa sababu muuzaji akiulizwa atasema.

*Dada wa Mwanza: TRA nilikadiriwa kwa mauzo ya milioni 20 kwa mwaka. Nikidai mzigo wa milioni 20 itakuwaje?*

Dada yangu, mkadiria ataomba hayo makadirio. Kwa uwiano wa mfano wetu, mauzo ya milioni 20 yana gharama ya milioni 16, kwa hiyo mzigo wako ungechukua zaidi ya mwaka kuisha. Atauliza kwa nini ulirundika hivyo. Kama mauzo halisi yalikuwa makubwa, nenda na mhasibu TRA ukarekebishe kwanza, ulipe kinachodaiwa, ndipo ufungue dai lenye tarakimu zilezile. Usipeleke hesabu mbili. Tamko la uongo linaweza kuua dai zima, pamoja na sehemu iliyo ya kweli.

*Kaka wa Tanga: Sina bima. Moto ulianzia kwa jirani fundi wa kuchomelea.*

Hesabu ni ileile, ila unaipeleka mahakamani, na huko kuna ugumu zaidi. Hasara ya namna hii lazima itajwe kwa kiasi chake kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukamilifu. Orodha ya kumbukumbu haitoshi. Walete wauzaji wa jumla na karani wa mabasi watoe ushahidi na vitabu vyao. Na uthibitishe kwanza kwamba moto ulianzia kwake kwa uzembe. Ripoti ya Zimamoto inayosema "chanzo hakijafahamika" haitakubeba.

*Mwanachama wa Dodoma: Mkadiria ameandika milioni 9, mimi nina hesabu ya 14. Wananitaka nisaini hati ya malipo ya mwisho.*

Usisaini kwanza. Ukisaini kwamba umeridhika, umefunga mlango. Omba kwa maandishi uonyeshwe amefikaje kwenye 9, halafu linganisha mstari kwa mstari: mzigo wa mwanzo, manunuzi, mauzo, uwiano. Mara nyingi tofauti yote iko kwenye mstari mmoja, labda amekataa manunuzi ya mwezi fulani. Mletee uthibitisho wa mstari huo tu. Wakigoma, peleka lalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatisha hesabu zote mbili.