Kufupisha tangazo la upepo liingie kwenye SMS moja bila kulipotosha

Wiki iliyopita nilikaa nusu siku na binti aliyepokea baada yangu ukatibu wa BMU, kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi, kwenye mwalo mmoja upande wa Sengerema. Kazi yenyewe inaonekana ndogo: tangazo la hali ya hewa linakuja refu, nawe unalituma kwa wavuvi likiwa SMS moja. Aliponiona nabishania neno moja kwa dakika ishirini akasema, "Mzee, si wataelewa tu?" Nikamwahidi kumwandikia ninavyofanya, kwa sababu miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilikata neno moja nisilopaswa kulikata.

Mfano tulioufanyia kazi ni huu. Niliutunga kwa mazoezi, ila umefuata sura ya matangazo tunayoyapata:

"Tunatarajia vipindi vya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 katika baadhi ya maeneo ya Ziwa Victoria, hususan upande wa Ukerewe na Sengerema, kuanzia saa 4 usiku wa kuamkia Jumatano hadi saa 3 asubuhi. Uwezekano wa kutokea ni wa wastani. Wavuvi ambao wanatumia mitumbwi isiyo na injini wanashauriwa kutoingia katika ziwa katika kipindi hicho. Watumiaji wengine wa ziwa wanashauriwa kuchukua tahadhari."

Ukihesabu pamoja na nafasi na alama, hizo ni herufi 445.

Hatua ya 1: Jua kipimo chako

SMS moja inabeba herufi 160. Ukizidisha, simu inaugawa ujumbe, na kila kipande kinabaki na 153 tu kwa sababu sehemu inaliwa na taarifa za kuviunganisha. Tangazo letu lingekuwa vipande vitatu, na kila kipande kinalipiwa. Andikia kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe. Kinahesabu kwa kushuka kutoka 160, unaona kila herufi inavyokugharimu. Ukiandika kwenye kompyuta na kunakili, angalia alama ya ritifaa kwenye maneno kama ng'ambo: kompyuta nyingi huigeuza kuwa iliyopinda, na hiyo moja tu inashusha kipimo cha ujumbe mzima kutoka 160 hadi 70. Iwe ritifaa iliyonyooka.

Hatua ya 2: Ondoa maneno yasiyobeba kitu

Hapa Kiswahili kinakusaidia chenyewe. "Wavuvi ambao wanatumia" ni "wavuvi wanaotumia". "Katika ziwa" ni "ziwani". "Katika kipindi hicho" linaondoka kwa kuwa saa zimeshatajwa. "Kilomita 40 kwa saa" ni "km 40/saa". Hatua hii haihitaji maelezo zaidi.

Neno moja tu lisimamie: "wanashauriwa kutoingia" ukiligeuza kuwa "wasiingie" unaokoa nafasi nyingi, lakini ushauri unaanza kusikika kama amri. Mimi nalikubali, kwa sababu wavuvi wetu wanajua katibu wa BMU hana mamlaka ya kufunga ziwa, na "wasiingie" ya jirani husikika kama nasaha. Ungekuwa unaandika kwa jina la ofisi ya serikali, ningekwambia uache "wanashauriwa".

Hatua ya 3: Siku na saa

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nivumilie.

Tangazo linasema "saa 4 usiku wa kuamkia Jumatano". Maana yake ni Jumanne, jua limeshazama, saa mbili kabla ya usiku wa manane. Mwaka ule nilikuwa na ujumbe uliozidi herufi chache. Nikaliangalia neno "kuamkia", nikaona ni pambo, nikalitoa. Kikabaki "usiku wa Jumatano". Mtumbwi mmoja wa dagaa ukaingia ziwani Jumanne jioni, kwa sababu vijana walielewa upepo ni kesho yake. Walirudi wote hai, wamepoteza taa na wavu. Tajiri wao alinionyesha ujumbe kwenye simu yake, nami sikuwa na la kumjibu.

Tatizo ni kwamba "usiku wa Jumatano" una maana mbili, na zote zipo kwenye mwalo mmoja. Kwa hesabu ya wazee, siku inaanza jua likizama, hivyo usiku wa Jumatano unatangulia mchana wa Jumatano. Ni usiku ule ule wa kuamkia. Kwa vijana wengi, usiku ni mkia wa siku, kwa hiyo usiku wa Jumatano unakuja baada ya mchana wake. Ukikata "kuamkia", mzee atabaki salama na kijana atakosea siku nzima, ilhali wote wawili wanaona wameelewa. Hakuna atakayepiga simu kuuliza.

Siku hizi hata "kuamkia" silitumii. Nataja siku mbili, kila moja na saa yake: "Jumanne saa 4 usiku hadi Jumatano saa 3 asubuhi". Ni ndefu kidogo, nami siipunguzi kwa bei yoyote. Maneno "usiku" na "asubuhi" nayo hayatoki, maana saa 4 bila usiku ni ya mtu yeyote kuigeuza anavyotaka. Kama upepo unaanza baada ya usiku wa manane, nasema "alfajiri" pale inapofaa: "Jumatano saa 10 alfajiri" haina utata, lakini "Jumatano saa 10 usiku" inakurudisha kwenye ugomvi ule ule.

Binti alipendekeza J4 na J5, kama vijana wanavyoandikiana. Nilikataa. "J4 saa 4" ni rahisi kuchanganya, na ujumbe huu kule kambini husomwa kwa sauti na mmoja wakisikiliza kumi. Kifupisho kisichosomeka kwa sauti sikitumii.

Hatua ya 4: Toa jambo zima, usiguse vineno

Baada ya hatua hizo tulikuwa na hii:

"Upepo hadi km 40/saa, mawimbi hadi m 2 Ukerewe na Sengerema, saa 4 usiku Jumanne hadi saa 3 asubuhi Jumatano. Mitumbwi isiyo na injini isiingie ziwani. Wengine tahadhari."

Ni herufi 170. "Mzee, zimebaki kumi tu," akasema, na macho yake yakaenda kwenye "isiyo na injini". Kumi za mwisho ndizo za hatari, kwa sababu mkono unatafuta vineno vidogo: hadi, isiyo, baadhi, huenda. Vineno hivyo ndivyo vinavyoshika mipaka ya sentensi. Zaidi ya hapo, tulikuwa tumeshapoteza kimya kimya mambo mawili. Tangazo lilisema uwezekano ni wa wastani, sisi tukasema upepo upo. Tangazo lilisema "hususan" Ukerewe na Sengerema, sisi tukafanya kana kwamba kwingine ni shwari. Kwenye orodha yetu wamo watu wanaovulia mpaka karibu na Igombe, nje ya maeneo hayo mawili.

Kwa hiyo nikamwambia atoe mawimbi, yote. Mvuvi anayeambiwa upepo wa kilomita 40 kwa saa anajua ziwa litakuwaje. Kuyatoa mawimbi kunamwacha akijua pungufu, ila hakumwachi akijua uongo. Kutoa "isiyo na injini" kunamwambia kila mwenye mtumbwi asiingie, jambo ambalo tangazo halikusema.

Kuna wanaosema kuzidisha tahadhari hakudhuru. Kunadhuru. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na giza la mwezi lina siku chache. Ukimlaza mwenye injini usiku mmoja bure, ujumbe wako wa pili atausoma kwa mashaka, na wa tatu hataufungua.

Kisha tukabadili muundo. "Huenda upepo ukafika km 40/saa" inarudisha mambo mawili kwa mpigo: kwamba si hakika, na kwamba 40 ni kilele. Daraja la "wastani" limepotea, lakini "huenda" bado ni kweli. "Mitumbwi isiyo na injini isiingie ziwani" tukaigeuza kuwa "Wasio na injini wasiingie ziwani". Tukaokoa herufi nane, na nane hizo ndizo hasa zinazotosha kurudisha "hususan" na nafasi yake:

"Huenda upepo ukafika km 40/saa hususan Ukerewe, Sengerema, Jumanne saa 4 usiku hadi Jumatano saa 3 asubuhi. Wasio na injini wasiingie ziwani. Wengine mjihadhari"

160 kamili. Nukta ya mwisho tumeiacha nje kwa makusudi.

Hatua ya 5: Mpe mtu ambaye hajaona tangazo refu

Wewe uliyefupisha huwezi kujipima. Kichwa chako kinajaza kila ulichokitoa. Tafuta mtu, msomee ujumbe mfupi mara moja, kisha muulize maswali manne: nani, wapi, lini, afanye nini. Usimuulize kama ameelewa, maana atakujibu ndiyo.

Majibu yake yalinganishe na tangazo refu. Akisema "hujasema", umefupisha tu. Akikupa jibu kamili ambalo tangazo refu linalikanusha, umepotosha, na neno ulilokata mwisho lirudi.

Tulimtumia mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu pale mwaloni. Kwanza binti alimsomea toleo la majaribio lenye "Mitumbwi isiingie ziwani". Tulipouliza nani, akajibu, "Sote tunalala." Jibu lilikuwa wazi, tena si kweli. Kisha tukamsomea ile ya herufi 160 mvuvi mwingine ambaye hakuwa amesikia ya kwanza. Nani? "Wa makasia na tanga." Lini? "Jumanne usiku mpaka Jumatano asubuhi." Wapi? "Zaidi huku kwetu na Ukerewe." Mawimbi yatakuwa mita ngapi? "Hamjasema." Hapo tukatuma.

Msomaji wa majaribio asiwe katibu mwenzio wala mwalimu. Hao hukusahihishia kichwani bila kujua. Mtafute mtu anayeingia ziwani.

Hatua ya 6: Ikigoma

Kuna matangazo yasiyoingia kwenye 160. Ukiona umeanza kuhesabu gharama ya "hadi" au "isipokuwa", acha kukata na tuma SMS mbili. Usitume moja ndefu inayogawanywa na simu, maana kipande kimoja kikichelewa mtu anaweza kuachwa na nusu ya sentensi. Andika mbili zinazojitegemea: ya kwanza kwa wasio na injini, ya pili kwa wenye injini, na kila moja itaje siku na saa zake zote upya.