Laptopu imechomekwa lakini haichaji: usinunue betri kwanza

Windows ikiandika "Plugged in, not charging", wengi hukimbilia dukani kununua betri. Mimi betri huiweka mwisho, kwa sababu ndiyo ghali na mara nyingi haina kosa. Nitatumia Dell Latitude E6430, zile za mtumba zilizojaa madukani, kwa kuwa betri yake inachomoka bila bisibisi na chaja yake ina kipini cha katikati kinachowachanganya watu.

Hatua ya 1: waya wa ukutani. Huu ni ule unaotoka kwenye soketi hadi kwenye boksi la chaja. Azima mwingine wa aina hiyo uchomeke. Taa ya chaja ikiwaka, kazi imeisha.

Hatua ya 2: toa betri, washa kwa chaja peke yake. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri, kisha rudisha chaja na uwashe. Ikigoma kabisa, au ikiwaka na kuzimika ukifungua programu nzito, shida iko kwenye chaja au tundu. Ikiwaka na kutulia, umeme unaingia vizuri, lakini usiihukumu betri bado.

Hatua ya 3: pima chaja. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo kinachozidi 20. Waya mwekundu uguse ukuta wa ndani wa kichwa cha chaja, mweusi uguse nje. Unatafuta 19.5V. Hapa mkono usitetemeke: ukikigusanisha kile kipini chembamba na ukuta wa ndani, unakipelekea volti zote 19.5 na unaweza kuua chipu ya utambulisho. Namba ikirukaruka unapokunja waya karibu na kichwa, waya umekatika ndani. Na jua kwamba chaja iliyochoka inaweza kusoma 19.5 ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka ikianza kazi. Ndiyo maana hatua ya 2 imetangulia.

Hatua ya 4: kipini. Hakileti umeme wa kuchaji. Kinaiambia laptopu hii ni chaja gani na ina wati ngapi. Kikipinda, kikivunjika, au waya wake ukikatika, mashine itawaka kama kawaida lakini itakataa kuchaji na itakuwa nzito. Washa huku ukigonga F2, uangalie taarifa za betri na chaja kwenye BIOS. Chaja ikisomeka "Unknown", au ukiona onyo la "AC power adapter" linaloishia na "cannot be determined", azima chaja halisi ya Dell. Ikisomeka, tupa ya kwako. Isiposomeka nayo, geukia tundu.

Kuna mteja aliyeniletea E6430 akiwa ameshanunua betri mpya. Bila betri mashine ilitulia, multimita ilisoma 19.5V, BIOS ikasema "Unknown". Nilipochungulia kwa tochi, kipini kilikuwa kimelala pembeni. Chaja nyingine ikachaji betri zote mbili, mpya na ya zamani.

Hatua ya 5: tundu. Likicheza, au likichaji ukiegemeza waya upande mmoja tu, limelegea. Kwenye E6430 tundu lina waya wake unaochomekwa kwenye bodi, kwa hiyo fundi akikudai pesa ya kuchomelea, muulize anachomelea nini.

Hatua ya 6: sasa betri. Fungua cmd, andika:

```
powercfg /batteryreport
```

Fungua faili litakalotajwa, linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ikiwa 60,000 mWh na ya pili 15,000, betri imechoka. Isipoonekana kabisa, safisha meno yake kwa kitambaa kikavu ujaribu tena kabla ya kuizika.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mkuu, yangu ikizimwa inajaa, ikiwashwa haipandi hata asilimia moja. Chaja nimenunua mtaani.

Jibu: Soma wati zilizoandikwa kwenye chaja. Mashine inayotaka 90W ukiipa 65W, umeme unaliwa na kazi na betri hubakiwa na makombo. Tafuta ya 90W yenye volti zilezile.

Mdau: Lenovo yangu inagoma ikifika 60. Betri imekufa?

Jibu: Hapana dada. Ingia Lenovo Vantage, zima Conservation Mode. Imewekwa ili betri isichakae mapema, na kama laptopu haitoki mezani, iache tu.

Mdau: Taa ya chaja inawaka, nikiichomeka kwenye laptopu inazimika papo hapo.

Jibu: Ichomoe, usiendelee kujaribu. Chaja inajikinga na shoti. Ijaribu kwenye laptopu nyingine ya aina hiyohiyo: taa ikibaki imewaka, shoti iko kwenye tundu au bodi ya mashine yako, na hapo inahitaji fundi wa bodi. Ikizimika huko pia, chaja yenyewe ndiyo mbovu.