Kupima sivii ya afisa rasilimali watu: mstari wa mishahara ndo unaotuponza wengi

Jana nimemsaidia rafiki yangu kuchuja sivii za nafasi ya afisa rasilimali watu, ile ya mtu mmoja anayebeba kila kitu: kuajiri, mishahara, sheria ya kazi na kumbukumbu. Naandika nilivyomwelekeza.

Hatua ya 1: Gawa tangazo

Chukua karatasi, safu nne, moja kwa kila eneo. Mi napenda karatasi kuliko Excel hapa, maana kwenye Excel utaanza kupanga rangi badala ya kusoma. Chini ya kila safu utaandika neno moja tu: ushahidi, dai, au hakuna. Alama za 1 mpaka 10 siziamini, saba ya asubuhi sio saba ya saa kumi jioni ukiwa umechoka.

Hatua ya 2: Kuajiri

Hii fupi, kila mtu anayo. Tafuta alijaza nafasi ngapi na za aina gani, songa mbele.

Hatua ya 3: Mishahara (hapa tulia)

Hapa ndo niliumia. Niliwahi kumpitisha mtu kwa sababu sivii yake ilisema "nilisimamia mishahara ya wafanyakazi 400", nikaona huyu ndiye, kumbe kazi yake ilikuwa kukusanya karatasi za mahudhurio na kumpelekea mhasibu. Tulijua mwisho wa mwezi, watu wanasubiri hela, na yeye anauliza makato yanakatwa wapi. Na hakudanganya, mimi ndo nilisoma vibaya.

Kwa hiyo angalia kitenzi. "Nilishiriki", "niliratibu", "nilisaidia" ni dai tu. Ushahidi ni yale mambo madogo ambayo asiyewahi kuigusa kazi hata hayamjii kichwani: tarehe ya kufunga mabadiliko ya mwezi, kukokotoa makato ya kisheria na kuyawasilisha, aliyeanza au kuacha kazi katikati ya mwezi, na hasa kulinganisha jumla ya mwezi huu na ya mwezi uliopita na kueleza kila tofauti imetoka wapi kabla bosi hajasaini. Ukiona hilo la kulinganisha limeandikwa, huyo kakaa kwenye kile kiti.

Tahadhari moja: namba kubwa ya wafanyakazi isikuvimbishe kichwa. Kampuni kubwa mara nyingi hugawa kazi vipande, mishahara ikakaa kwa wahasibu, na mtu wa rasilimali watu haigusi kabisa. Aliyekuwa peke yake kwenye kampuni ya watu 35 anaweza kuwa kafanya mengi zaidi.

Ukibaki na shaka mpigie simu, usisubiri intavyuu. Mimi huuliza hivi: mfanyakazi kaanza tarehe 18, mshahara wake 900,000 kwa mwezi, mwezi una siku 30, atalipwa ngapi kabla ya makato? Kwa siku za kalenda ni siku 13, kwa sababu tarehe 18 yenyewe inahesabiwa, kwa hiyo 390,000. Ila jibu linalonifurahisha zaidi ni la anayeniuliza kwanza, "mnagawa kwa siku za kalenda au siku za kazi?" Akisema 360,000 kaisahau siku ya kwanza, na kosa hilo kwenye mshahara wa mtu huleta ugomvi.

Hatua ya 4: Sheria ya kazi

Kutaja jina la sheria sio ushahidi. Tafuta jambo alilolibeba: kaandaa mikataba, kaitisha kikao cha nidhamu, kaandika notisi. Kama kazi zote alifanyia nchi nyingine, misingi atakuwa nayo ila siku za notisi na makato ataanza upya.

Hatua ya 5: Kumbukumbu

Sivii yenyewe ndo sampuli. "2019–2020" bila miezi inaweza kuwa miezi 2 au 24, na mtu anayetaka kukutunzia mafaili na salio za likizo alipaswa kulijua hilo.

Jana ilivyoisha

Tulibaki na wawili. Wa kwanza ana miaka 6 kwenye kampuni ya watu 800, lugha safi, ila mishahara "nilishiriki" na sheria ya kazi "ninaifahamu". Wa pili ana miaka 3 tu, kampuni ya watu 40, kaandika kwamba alilinganisha mishahara kila mwezi na aliandaa vikao vya nidhamu viwili, ila kuajiri ni nafasi tano tu na tarehe moja haina mwezi. Rafiki yangu alimtaka wa kwanza. Nikamwambia kuajiri utamfundisha huyu wa pili ndani ya wiki chache, lakini mishahara ya mwezi wake wa kwanza nani atamfanyia yule wa kwanza? Akawapigia wote. Wa kwanza alisema 360,000, wa pili akauliza kuhusu siku za kazi. Ule mwezi uliokosekana tumemwandikia autaje, halafu aje Jumatatu.