Hotuba ya kampuni kutimiza miaka 5: anza na orodha ya mishahara

Mwezi uliopita nilimsaidia mkurugenzi wa kampuni ya mafundi majokofu, yenye wafanyakazi 14, kuandaa hotuba ya kutimiza miaka 5. Alikuja na kurasa sita, tukabakiza mbili.

Hatua ya 1: Pima muda. Dakika 6 zinatosha. Mimi hukadiria maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo andika 600, nusu yake shukrani.

Hatua ya 2: Ufunguzi. Tukio moja la mwaka wa kwanza, basi.

Hatua ya 3: Shukrani. Hapa niliwahi kuumbuka. Hotuba ya kwanza niliyomwandikia bosi wangu, majina niliyatoa kichwani. Nikamsahau mtunza stoo, mtu aliyekuwapo tangu mwaka wa kwanza. Aliwapigia makofi wenzake wote, kisha akaondoka kabla ya picha ya pamoja. Bosi alimwomba radhi kesho yake, lakini neno lilishapita.

Tangu hapo naomba kwa mhasibu orodha ya mishahara, halafu naongeza wasiomo: mlinzi na mfanya usafi wanaolipwa na kampuni nyingine, vibarua wa kudumu, na walioacha kazi kwa wema. Wakiwa chini ya 20, taja wote, kwa mpangilio wa tarehe ya kuajiriwa. Ukipanga kwa vyeo, wa mwisho atajua kwa nini ni wa mwisho. Wakizidi hapo, usitaje jina hata moja. Taja kazi zilizofanyika.

Kila jina libebe tendo moja. Mkurugenzi aliandika kuhusu fundi wake mmoja: "Ni mchapakazi na mwaminifu." Nikamuuliza, alifanya nini? Akafikiri kidogo, akasema: "Alirudi kwa mteja Jumapili, bila kutumwa, kwa sababu hakuridhika na alivyochomelea bomba." Hiyo ndiyo iliyosomwa.

Tendo lenyewe lihakikishe kwa mtu wa pili, maana wakurugenzi huchanganya nani alifanya nini, na kumpa mtu sifa ya mwenzake ni kubaya kuliko kumsahau. Mambo ya ugonjwa, msiba au madeni usiyataje mpaka mhusika akubali, hata kama unamsifu.

Hatua ya 4: Malengo. Mawili tu, kila moja na tarehe na msimamizi. "Tutakua zaidi" tuliifuta, tukaandika: "Kufikia Juni, simu ya mteja ikiingia kabla ya saa sita mchana, fundi afike siku hiyo hiyo." Msimamizi aambiwe wiki moja kabla, asilisikie jukwaani. Nyongeza ya mshahara isiyokuwa kwenye bajeti usiiguse hata kwa utani. Watu wataikumbuka kama ahadi.

Hatua ya 5: Chapa. Karatasi, si simu. Herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja, kurasa zenye namba. Majina yenye matamshi magumu, muulize mwenyewe.