Gawa kwa 4 uone vijiko vya sukari kwenye tomato sosi

Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilichosawazishwa juu, kina gramu 4 hivi. Kila gramu ya sukari ni kalori 4, kwa hiyo kijiko hicho ni kalori 16. Ukikijaza kikawa na kilima, hesabu inapanda haraka.

Sasa chukua chupa ya tomato sosi usome lebo. Tuseme imeandikwa gramu 22 za sukari kwa kila gramu 100. Watu wengi hutazama kipimo kidogo cha kijiko kimoja cha mezani, kama gramu 15, wakaona sukari gramu 3 tu na kutulia. Lakini nani humwagia chipsi kijiko kimoja? Vijiko vitatu vilivyojaa vizuri hufika gramu 50. Hapo sukari ni gramu 11, yaani karibu vijiko vitatu vya chai na kalori 44. Sehemu ndogo ni ya nyanya zenyewe, nyingi imeongezwa.

Usiishie kwenye namba. Viungo huorodheshwa kuanzia kilicho kizito zaidi, na sukari ikigawanywa katika majina kadhaa, kila jina hushuka chini kwenye orodha. Tafuta glukosi, fruktosi, dekstrosi, sharubati ya mahindi na hata asali: zote zihesabu pamoja. Sosi ya nyama choma mara nyingi ina sukari nyingi kuliko tomato sosi, na pilipili tamu ya chupa vilevile. Ulimi hauitambui sukari hiyo vizuri kwa sababu siki na chumvi huifunika.