Mtumaji yuko Kenya, msomaji yuko Tanzania: uandike Kiswahili cha wapi?

Mwongozo huu ni wa mfasiri anayepewa maandishi ya Kiingereza na mteja wa nchi moja ayageuze kwa Kiswahili, kisha yaende kwa msomaji wa nchi nyingine. Nitafuata kazi moja ya mfano mwanzo hadi mwisho. Shule ya bweni nchini Kenya imempa nafasi mtoto ambaye mzazi wake anaishi Tanzania. Kuna barua ya kumpokea, maelezo ya malipo, na fomu ya afya ambayo mzazi ataijaza na kuirudisha.

Mteja wa namna hii atakwambia Kiswahili ni kimoja. Kwa upande wa sarufi hajakosea: Kiswahili sanifu cha nchi zote mbili kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Tofauti inayotuhusu imo kwenye msamiati wa shule, ofisi, hospitali na utawala, kwa sababu kila nchi ilijijengea taasisi zake na kuzipa majina yake. Barua ya shule, bahati mbaya, imejaa msamiati huo tangu mstari wa kwanza.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujafungua faili

Muulize mteja maswali matatu. La kwanza, msomaji alisoma wapi? Mkenya anayefanya kazi Arusha anaishi Tanzania, lakini ukimwandikia "karo" hatashtuka hata kidogo. La pili, karatasi ipi itarudi, na nani ataisoma ikirudi? La tatu, msomaji akifika kwa mtumaji, au akimpigia simu, atasikia maneno gani? Katika mfano wetu majibu ni haya: mzazi amesomea Tanzania, fomu ya afya itarudi kwa muuguzi wa shule, na mzazi atazungumza kwa simu na mhasibu.

Hatua ya 2: Gawanya maandishi kwa kuangalia nani atayatumia

Wengi huchagua lugha moja kwa hati nzima, sw-KE ya Kenya au sw-TZ ya Tanzania, wakaendelea. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoharibikia, kwa sababu hati moja huwa na sehemu zenye wenyewe tofauti.

Maelezo yote yanayomtaka msomaji aelewe jambo au atende jambo yaandike kwa Kiswahili cha msomaji. Majina ya vitu vilivyoko kwa mtumaji yaache yalivyo, kisha yaeleze mara moja. Kwa mfano, anwani ya shule ikitaja kaunti, usiigeuze kuwa mkoa. Kenya ina kaunti 47 kwa Katiba ya 2010, na mzazi atakayeuliza njia kwa kutaja mkoa atapotezwa. Vivyo hivyo kwa aliyetia sahihi. Tanzania anayeongoza sekondari huitwa Mkuu wa Shule, na Mwalimu Mkuu ni wa shule ya msingi. Lakini kama pale shuleni anaitwa Mwalimu Mkuu, mzazi atamwulizia kwa jina hilo, basi liache.

Sehemu zitakazorudi ni fungu la tatu. Hizo lazima zieleweke pande zote mbili, nazo nitazirudia kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Winda maneno yenye sura moja na maana mbili

Neno geni halina hatari kubwa. Mzazi wa Tanzania akikuta "shule ya upili", "tarakilishi" au "tembe mbili kila siku", ataona hajui na atauliza. Hatari iko kwenye neno analolijua kwa maana nyingine, kwa sababu hapo haulizi mtu.

Mfano mzuri ni "stakabadhi". Kenya mara nyingi hutumika kwa maana ya nyaraka: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mtihani, nakala ya kitambulisho. Tanzania stakabadhi ni risiti, hati ya kuthibitisha malipo au mapokezi. Barua ikisema "lete stakabadhi zote za mwanafunzi", mzazi atafunga safari na risiti za benki, zote, zimepangwa vizuri ndani ya bahasha, na cheti cha kuzaliwa kimebaki nyumbani. Hakuna mahali aliposoma vibaya.

"Karo" nalo ni hivyo hivyo. Kenya ni ada ya shule. Kwa wengi Tanzania karo ni sinki, au shimo la maji machafu. Muktadha utamsaidia, lakini barua rasmi haipaswi kumlazimisha msomaji kubahatisha.

Ukishapata neno la hatari, usikimbilie la kwenu wala la kwake moja kwa moja. Tafuta kwanza neno ambalo upande mmoja hulitumia kila siku na upande wa pili hulielewa bila shida. "Sekondari" inaeleweka Kenya hata kama wao huandika "upili". "Ada" inaeleweka pia, na "vidonge" vilevile. "Nyaraka" inatosha pote, ingawa mimi hupenda kuzitaja moja moja, maana hata Watanzania wawili hawatakubaliana nyaraka za mwanafunzi ni zipi.

Tazama aya moja. Hivi ndivyo ingekuwa kwa Kiswahili cha mtumaji:

> Mzazi anahitajika kulipa karo ya muhula wa kwanza, Sh40,000, kabla ya siku ya kuripoti. Siku hiyo alete stakabadhi zote za mwanafunzi.

Na hivi ndivyo ninavyoipeleka:

> Tunaomba ulipe ada ya muhula wa kwanza, shilingi 40,000 za Kenya, kabla ya siku ya kuripoti. Ukizungumza na mhasibu wetu utasikia ada hii ikiitwa karo. Siku ya kuripoti uje na cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi, pasipoti yake, matokeo ya mtihani wake wa mwisho na risiti ya malipo.

Sentensi ile ya "utasikia ikiitwa karo" usiifute kwa kuona inarefusha barua. Inamwandaa mzazi kwa simu ya mhasibu, na inatajwa mara moja tu. Kuanzia hapo ni "ada" hadi mwisho.

Hatua ya 4: Fedha

Nchi zote mbili hutumia shilingi, na zote mbili huandika "Sh". Kwa viwango vya miaka hii, shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi 20 za Tanzania. Mzazi akisoma "Sh40,000" kwa mazoea ya kwao ataandaa takriban sehemu moja ya ishirini ya kinachodaiwa. Andika "shilingi za Kenya" kila mahali penye kiasi, si mara ya kwanza tu, kwa kuwa watu hurukia jedwali la malipo bila kusoma aya za juu. Usimgeuzie mzazi kiasi kwa fedha zake: kiwango hubadilika, na namba yako itabaki kwenye barua kama ahadi ya shule.

Hatua ya 5: Fomu inayorudi

Hapa msomaji anageuka kuwa mwandishi, na muuguzi wa Kenya ndiye msomaji.

Anza na anwani. Fomu ya shule ina nafasi za Kaunti, Kaunti Ndogo na Wadi. Mzazi wa Tanzania hana kaunti, na wadi kwake ni ya hospitali. Weka Mkoa, Wilaya na Kata. Kama anaishi Zanzibar, Kata iwe Shehia. Muuguzi hapotezi chochote kwa mabadiliko hayo, kwani anwani ni ya Tanzania vyovyote iwavyo.

Kisha kuna sehemu ya mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura na uhusiano wake na mtoto. Kenya mama wa mzazi ni nyanya, na bibi mara nyingi ni mke. Tanzania huyo huyo ni bibi, na nyanya ni ya kupikia. Ukiacha nafasi wazi, mzazi ataandika "bibi" na muuguzi atabaki anashangaa mtoto wa kidato ana bibi wa namna gani. Ukiandika "nyanya", mzazi ndiye atakayeshangaa. Hapa sichagui upande wowote. Naweka visanduku vya kutia alama: "mama wa baba yake", "baba wa baba yake", "mama wa mama yake", na kuendelea. Ni maneno mengi kidogo, lakini hakuna anayeyasoma vingine.

Angalia pia bima. Fomu za zamani za Kenya huuliza nambari ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Kenya mfuko huo uliondoka, na mamlaka mpya iitwayo SHA ikaanza kazi mahali pake Oktoba 2024. Tanzania NHIF ipo na inafanya kazi, na ni mfuko mwingine kabisa. Mzazi atajaza namba ya kadi yake ya Tanzania kwa imani kwamba mtoto ana bima huko aendako. Hili huwezi kulimaliza kwa kubadilisha neno. Mwandikie mteja, umwambie swali lenyewe limepitwa na wakati, na usubiri jibu kabla ya kukabidhi kazi.

Hatua ya 6: Fremu ya barua

Hii ni fupi. Kichwa cha barua Kenya huanza na "KUH:" au "MINT:", Tanzania "YAH:". Tumia "YAH:". Andika "namba" badala ya "nambari". Mwite "Ndugu" kama humjui cheo.

Hatua ya 7: Kagua kwa mashine, kisha kwa mtu

Kumbukumbu ya tafsiri ikichanganya kazi za nchi zote mbili, maneno ya huku huvuja kwenda kule bila wewe kuona. Tunza mbili, sw-KE na sw-TZ, na kabla ya kutuma pitisha faili kwenye amri hii:

```
grep -n -i -w -E 'karo|upili|stakabadhi|tembe|nyanya|bibi|wadi|nambari' barua_sw-TZ.txt
```

Kila mstari utakaojitokeza uusome. Ule wa "ikiitwa karo" unastahili kubaki. Mingine huenda haistahili.

Kisha mpe mtu aliyesomea Tanzania, asiyejua Kiingereza cha asili kinasemaje. Usimuulize kama ameelewa, atakujibu ndiyo. Mwambie akueleze: atabeba nini siku ya kuripoti, atalipa kiasi gani na kwa fedha ya nchi gani, na fomu ataijazaje. Akisita kwenye neno, libadilishe hata kama kamusi inakuunga mkono.

Utaratibu huu unafaa kati ya Kenya na Tanzania, ambako tofauti ni za maneno. Msomaji akiwa Lubumbashi au Goma usiutumie. Kiswahili cha Kongo kina tofauti za sarufi pia, na kubadilisha maneno kadhaa hakutoshi. Mpe kazi mfasiri wa huko.

Unapokabidhi, ambatanisha ukurasa mmoja kwa mteja: maneno uliyobadilisha, uliyoacha makusudi, na sababu ya kila moja. Usipofanya hivyo, karani wa shule atafungua barua, ataona "ada", na atairudisha kuwa "karo" kabla ya kuituma.